Kikomo cha saa katika gemu zinazokua zenyewe: kinaumiza lini?

«Nafanya kazi ghalani na simu yangu inabaki kabatini kwa muda wa saa 8. Napenda hesabu, nataka gemu inayoendelea kukua nikiwa sipo, lakini nyingi nilizojaribu zinaacha kulipa baada ya saa 2. Je, kikomo hicho kinanipunja kweli?»

Kwanza ieleweke kinachotokea simu ikiwa kabatini, kwa sababu wengi hudhani gemu inaendelea kufanya kazi kimyakimya. Haifanyi chochote. Mfumo wa simu huzuia programu zisizotumika ili kulinda betri, na mtengenezaji wa gemu analijua hilo tangu mwanzo. Anachofanya ni kuhifadhi saa uliyoifunga. Ukiifungua tena, gemu inasoma saa ya sasa, inatafuta tofauti, inazidisha sekunde hizo kwa mapato yako ya kila sekunde, kisha inakukabidhi jumla. Kikomo ni mstari mmoja tu katika hesabu hiyo: tofauti ikizidi saa 2, ihesabiwe kuwa saa 2.

Linalofuata kutokana na utaratibu huo ndilo kiini cha suala zima. Wakati haupo hakuna anayenunua kitu, kwa hiyo mapato yako hubaki palepale na jumla hupanda kwa mstari ulionyooka. Bei, kwa upande wake, hupanda kwa asilimia kila unaponunua. Vitu viwili vinavyokua kwa namna tofauti hivyo vikikutana, muda mrefu wa kutokuwepo huwa na thamani ndogo kuliko tunavyoukadiria kwa macho.

Tuchukue bei za Cookie Clicker, gemu ya biskuti iliyotolewa mwaka 2013 na Mfaransa Julien Thiennot, kwa sababu zinajulikana na ni rahisi kuzikagua. Bibi mmoja wa kuoka biskuti huanzia bei ya biskuti 100 na huleta biskuti 1 kwa sekunde. Shamba huanzia 1,100 na huleta 8 kwa sekunde. Kila unaponunua kimoja, kinachofuata cha aina hiyo hupanda bei kwa asilimia 15. Tuseme una bibi 10 na shamba 1, na huna kitu kingine. Mapato yako ni biskuti 18 kwa sekunde, na shamba linalofuata litakugharimu 1,265. Idadi ya mashamba unayoweza kununua kwa biskuti ulizonazo (M), ikiwa bei ya linalofuata ni P, hupatikana hivi, kisha unaacha sehemu ya desimali:

```
n = log(1 + 0.15 × M / P) / log(1.15)
```

Sasa tuichukulie gemu yenye bei hizohizo, lakini inayolipa mapato kamili ukiwa haupo. Muda wa saa 8 ni sekunde 28,800, hivyo unarudi na kukuta biskuti 518,400, zinazotosha kununua mashamba 29. Kama kikomo kingekuwa saa 2 ungekuta 129,600 tu, yaani robo yake, lakini robo hiyo ingenunua mashamba 20. Na kama zamu yako ingekuwa ndefu maradufu, ya saa 16 bila kikomo, ungepata mashamba 34. Ukizidisha fedha mara mbili unaongeza mashamba kama matano tu, hata kama una mamilioni, kwa sababu bei inayopanda kwa asilimia 15 hufika maradufu baada ya takriban manunuzi matano.

Hesabu hiyo inaweza kupelekwa hatua moja mbele, na hapo ndipo lawama dhidi ya kikomo hudhoofika. Mchezaji mwenye kikomo cha saa 2 akishanunua mashamba yake 20, mapato yake yanapanda kutoka 18 hadi 178 kwa sekunde. Amepungukiwa na biskuti 388,800 akilinganishwa na yule aliyelipwa saa zote 8. Kwa mapato yake mapya, atazipata biskuti hizo katika muda wa dakika 36 hivi. Saa 6 zilizokatwa na kikomo hulipwa wakati mtu yuko kwenye daladala akirudi nyumbani. Ni kweli kwamba mwenzake naye hakai bure katika dakika hizo, na kwamba mchezaji halisi angenunua pia mgodi na kiwanda badala ya mashamba matupu, lakini mwelekeo wa hesabu haubadiliki. Katika hatua za mwanzo, saa zilizopotea ni za thamani ndogo kwa kuwa mapato yaliyokuwepo wakati huo yalikuwa madogo.

Wanaotetea kikomo hutumia hoja hii, na kwa hatua hizo wako sahihi. Huongeza kwamba anayerudi na kukuta mlima wa fedha hununua kila kitu kwa mkupuo mmoja na kubaki bila uamuzi wowote wa kufanya, jambo linaloondoa raha yenyewe kwa mtu anayependa hesabu. Hilo nalo nalikubali, ingawa si kwa kila mchezaji.

Lakini gemu hizi zote hufika mahali zinapokwama. Bei zinakuwa zimeyaacha mapato mbali, na hakuna tena ununuzi mdogo unaobadilisha kitu. Tuseme mapato yako yamefika milioni 1 kwa sekunde na kitu pekee chenye maana, kinachoyafanya mapato yawe maradufu, kinagharimu bilioni 260. Hiyo ni kazi ya saa 72 hivi, yaani siku 3 za malipo kamili. Hapa mapato hayabadiliki kabisa katikati, kwa hiyo kila saa isiyolipwa imepotea bila fidia. Mfanyakazi anayeacha simu kwa saa 8 za zamu na kuiacha tena kwa saa 8 za usingizi, akiwa na kikomo cha saa 2, analipwa saa 12 tu kati ya 24, hata kama anaifungua mara kwa mara muda wote uliobaki. Siku 3 zinakuwa 6. Akiwa na kikomo cha saa 8 hapotezi hata dakika.

Kwa hiyo malalamiko ya wachezaji na utetezi wa watengenezaji vyote ni kweli, ila vinazungumzia nyakati mbili tofauti za gemu ileile. Kinachonikera ni kwamba kikomo huanza kuuma palepale gemu inapoanza kukuuzia njia ya kukiondoa. Wakati kinapokuwa hakina madhara unakizoea, na wakati kinapoanza kukugharimu umeshawekeza majuma ya muda wako. Ndiyo maana ni busara kukipima siku za mwanzo, kabla hakijaanza kuuma. Nunua kila unachoweza, andika mapato ya sekunde yanayoonyeshwa, funga programu, na uifungue baada ya saa 1. Ukipata pungufu ya mapato hayo mara 3,600, gemu inakulipa sehemu tu ukiwa haupo. Rudia kwa zamu nzima bila kununua kitu, kisha gawa malipo hayo kwa yale ya saa 1: jibu likiwa pungufu ya 8, hilo ndilo kikomo chako kwa saa. Cookie Clicker yenyewe, katika toleo la kompyuta, hailipi chochote ikiwa imefungwa mpaka uwe umeanza upya na kununua ruhusa ya hilo, na hata hapo huanza kwa asilimia 5 ya mapato kwa saa ya kwanza. Haimfai mtu wa kabatini.

AdVenture Capitalist, ya kampuni ya Hyper Hippo ya Kanada, iliyotoka mwaka 2014, imekaa upande wa pili: biashara uliyoiajiria meneja inaendelea kukuingizia ukiwa haupo, na isiyo na meneja husimama. Uamuzi wote unafanyika kabla ya kufunga simu. Katika Egg, Inc., kikomo kimepewa umbo la silo za chakula cha kuku. Mwanzoni silo moja hutosha saa 1, na unaweza kujenga hadi 10, kwa hiyo mfanyakazi wa saa 8 anajua anachokijengea. Naona huo ni uungwana zaidi kuliko kikomo kilichofichwa, kwa sababu kikomo cha silo kinaongezwa kwa rasilimali za gemu yenyewe na kinaonekana tangu siku ya kwanza.

Kwa anayebaki na gemu yenye kikomo, mambo mawili hubadilisha matokeo kuliko saa zenyewe. La kwanza ni kutoacha fedha zimelala. Kabla ya kufunga, gawa bei ya kila kitu kwa mapato kitakachoongeza. Shamba la 1,265 linaloleta 8 hujilipa kwa sekunde 158, na bibi wa kumi na moja, anayegharimu 405 na kuleta 1, hujilipa kwa sekunde 405. Shamba ni ghali mara tatu lakini ndilo linalotangulia. Chochote kinachojilipa ndani ya muda utakaolipwa kinunuliwe kabla hujaondoka, na muda huo ni ule wa kikomo, si wa zamu. Kosa linalofanyika sana ni kupiga hesabu kwa saa 8 wakati gemu inalipa 2.

La pili ni saa ya kuanza upya. Katika AdVenture Capitalist unafuta kila kitu na kupewa malaika wawekezaji, kila mmoja akiongeza faida kwa asilimia 2. Idadi yao hufuata kipeuo cha pili cha mapato yako yote, hivyo ili wawe maradufu, mapato hayo yanahitaji kuwa mara nne. Wengi huanza upya pindi tu idadi inapowaridhisha, hata ikiwa ni alfajiri wanapojiandaa kwenda kazini. Kwa mfanyakazi huo ndio wakati mbaya kuliko wote. Baada ya kuanza upya mameneja wameondoka na mapato ni karibu na sufuri, na hatua hiyo ndiyo inayohitaji mikono na kupita haraka. Zamu nzima itazidishwa kwa mapato yasiyo na maana. Anza upya jioni au siku ya mapumziko, pitia hatua za haraka ukiwa na simu mkononi, na uingie kazini gemu ikiwa imekwama, kwa sababu wakati wa kukwama ndio pekee ambapo saa 8 ni saa 8 kweli.

Kigezo hichohicho kinatumika kwa ile ofa ya kutazama tangazo ili malipo ya muda usiokuwepo yawe maradufu. Katika mfano wa mashamba, tangazo hilo lingekupeleka kutoka 29 hadi 34, na video hula bando. Ukiwa umekwama kwenye kitu cha bilioni 260 chenye kusubiriwa siku 3, tangazo lilelile linakupa sawa na zamu nyingine nzima. Gemu inaitangaza ofa hiyo kwa ukubwa uleule siku zote mbili, na hesabu ya kuitofautisha inabaki kwako.