Rezista tatu na kipande cha hesabu kinachosahaulika

"Saketi yenyewe ina rezista tatu tu. Kwa nini nipitie vigezo vya z wakati kugawa volteji kunanipa jibu kwa mistari miwili?"

Kwa chanzo kimoja na mzigo mmoja, hulazimiki, na anayekulazimisha anakupotezea muda. Lakini njia hiyo fupi ina mtego, na wengi wanaoilaumu z huwa wameshanaswa humo bila kujua.

Tuchukue mtandao wa umbo la T. Kutoka mlango wa 1 kuna rezista ya omu 200 hadi nodi ya katikati, kutoka nodi hiyo kuna omu 300 hadi mlango wa 2, na omu 600 inashuka kutoka nodi hadi waya wa chini. Chanzo kina ukinzani wa ndani wa omu 200, na mzigo ni omu 300.

Anayegawa volteji anaanza mwishoni. Omu 300 ya tawi na 300 ya mzigo ni 600. Ukiziweka sambamba na 600 ya katikati unapata 300. Chanzo basi kinaona 200 + 200 + 300, yaani 700. Nodi inapata 300/700 ya volteji ya chanzo, mzigo unapata nusu ya hapo, na uwiano ni 0.214. Kazi safi, sina neno.

Sasa vigezo vya z, yaani namba nne zinazoeleza volteji za milango miwili kwa mikondo inayoingia humo. Mlango wa 2 ukiwa wazi, ukisukuma mkondo mlango wa 1, ukinzani unaouona ni 200 + 600, hivyo z11 = 800. Volteji inayotokea mlango wa 2 kwa kila ampea ni ile ya rezista ya 600 peke yake, hivyo z21 = 600. Kutoka upande wa pili, z22 = 900, na z12 ni 600 vilevile, kwa sababu mtandao wa rezista tupu hupitisha sawasawa kwenda na kurudi. Ukiunganisha chanzo na mzigo, Vs ikiwa volteji ya chanzo, Rs ukinzani wake wa ndani, RL mzigo na V2 volteji ya mzigo:

```
V2/Vs = z21*RL / ((z11+Rs)*(z22+RL) - z12*z21)
      = 600*300 / (1000*1200 - 360000)
      = 180000 / 840000 = 0.214
```

Jibu ni lilelile, na mpaka hapa muulizaji ana haki ya kutabasamu.

Mtego unakuja mtu anapotaka kuchanganya njia mbili. Anasema: mlango wa 2 ukiwa wazi uwiano ni z21/z11, yaani 0.75. Chanzo kinapoteza kidogo mlangoni, 800/1000, yaani 0.8. Mzigo nao unagawana na ukinzani wa mlango wa 2, 300/1200, yaani 0.25. Anazidisha zote tatu na kupata 0.15. Kila hatua inasikika sawa, na jibu limepungua kwa asilimia 30.

Rudi kwenye mlinganyo uone 0.15 imetoka wapi. Ondoa ile 360000 kwenye sehemu ya chini, ubaki na 180000/1200000. Ni 0.15 kamili. Kosa zima limo katika kipande kimoja, z12*z21, na ndicho hasa kinachofanya nisichoke kuwatetea hawa z. Kwenye kikuza sauti au kikuza mawimbi kilichoundwa vizuri, z12 inakaribia sifuri: kinachotokea mlango wa pili hakirudi mlango wa kwanza. Ndiyo maana kule kuzidisha hatua kwa hatua kunafanya kazi, na mtu anazoea. Kwenye rezista tupu z12 ni sawa na z21. Mtandao hauwezi kupitisha kwenda mbele bila kurudisha nyuma kwa kiasi kilekile, kwa hiyo kipande hicho hakiwi sifuri kamwe ila pale ambapo hakuna kinachopita kabisa.

Kinachotokea kwenye saketi ni hiki. Ile 800 ni ukinzani wa mlango wa 1 wakati mlango wa 2 uko wazi. Funga mzigo, chanzo kinaona 800 − 360000/1200, yaani 500. Ile 900 nayo ni ukinzani wa mlango wa 2 wakati mlango wa 1 uko wazi. Funga chanzo, mzigo unaona 900 − 360000/1000, yaani 540. Ukitaka kuzidisha kwa hatua, chukua volteji ya wazi huku chanzo kimeshafungwa, 600/1000 = 0.6, kisha igawe kwa 540 na 300: 0.6 × 300/840. Inarudi 0.214. Kosa la kawaida ni kutumia 900 mahali pa 540.

Faida nyingine ni ya kawaida zaidi. Badilisha mzigo uwe omu 1500: anayegawa volteji anaanza upya kutoka mwisho, mwenye vigezo anabadilisha namba moja na kupata 0.441. Kwa rezista tatu tofauti ni ndogo. Kwa kumi na mbili, au kwa kisanduku kilichofungwa ambacho ndani hukijui, hakuna mjadala.

Upande wa pili una hoja mbili zenye uzito. Ya kwanza: vigezo vinaficha tumbo la saketi. Ukitaka kujua rezista ya 600 inachoma wati ngapi, z hazikwambii. Inabidi urudi kwenye nodi.

Ya pili inaniuma kidogo. Weka omu 5 mahali pa 200 na mahali pa 300, uache ile 600. Sasa z11 na z22 ni 605, na z21 ni 600. Chanzo na mzigo viwe omu 5 kila kimoja. Sehemu ya chini ni 610*610 − 360000, yaani 12100: namba mbili kubwa zikitoana na kubakiza kidogo. Uwiano wa kweli ni 0.248. Ukipima z21, na z12 pamoja nayo, kwa kosa la asilimia moja tu, ukaandika 606 mahali pa 600, hesabu inakupa 0.623. Ukikosea upande wa pili, 594, inatoka 0.154. Anayegawa volteji kwa thamani za rezista hapatwi na balaa hili. Dalili ipo lakini: 606 ni kubwa kuliko z11, na rezista tupu zenye waya mmoja wa chini haziwezi kutoa mlango wa 2 volteji kubwa kuliko iliyoko mlango wa 1. Kwa 594 dalili hiyo haipo, na hapo ndipo mtu anapodanganyika.

Dawa ni kubadilisha aina ya vigezo, si kuvikimbia. Kwa mtandao huohuo pima vigezo vya y, yaani funga mlango mmoja kwa waya badala ya kuuacha wazi, kisha tumia mlinganyo wa aina hiyohiyo, Gs na GL vikiwa 1/Rs na 1/RL:

```
V2/Vs = -y21*Gs / ((y11+Gs)*(y22+GL) - y12*y21)
```

Hapa y11 ni kama simensi 0.1004, y21 ni −0.0996, na Gs ni 0.2. Kosa la asilimia moja kwenye y21 (na y12 pamoja nayo) linahamisha jibu kutoka 0.248 hadi 0.251 tu, kwa kuwa kinachotolewa kimekuwa kidogo mbele ya kinachobaki.