Nusu Mwezi ya Mama Mkwe

Kwa kuwa shemeji yangu ameshawasimulia nusu ya mji wa Lamu kwamba nilitaka kumzamisha mama yake, acheni niseme mwenyewe. Sikutaka kumzamisha. Nilimchelewesha ndege tu.

Ijumaa jioni nilibadilisha impela ya mashine ya boti, ile ya farasi kumi na tano. Wasiozijua: impela ni kigurudumu cha mpira chenye mapanga, kimekaa ndani ya mguu wa mashine, kazi yake kuvuta maji ya bahari yapoze injini. Nilifanyia kazi barazani, juu ya mkeka uleule ambao juzi yake nilifungulia cherehani ya mke wangu. (Ndiyo, na cherehani naijua. Msicheke bado.)

Nilipomaliza, kilibaki kitu mkekani. Kidogo, urefu wa kucha ya kidole gumba, unene wa sarafu mbili zilizobandikwa pamoja. Upande mmoja umenyooka, wa pili umepinda kama mwezi wa siku saba. Chuma kigumu, hakina namba wala jina, ila kina mstari unaong'aa uliokikata kwa urefu. Nikakipiga picha ya karibu kabisa, nikaituma kwa mafundi wa boti: "Hii ni nini?"

Sikuweka hata sarafu pembeni. Kwa hiyo mmoja akajibu ni kipande cha jembe. Mwengine akaapa ni ulimi wa mbuzi ya kukunia nazi. Fundi mmoja mzee ndiye aliyeuliza la maana: "Imetoka kwenye mashine gani?" Nami, kwa kibri changu, nikamjibu: "Haikutoka kwenye mashine, Fundi, nimeiokota mkekani. Nadhani ni ya cherehani." Nikaitia mfukoni, nikalala usingizi wa mtu mwema.

Asubuhi mama mkwe anavuka kwenda uwanja wa ndege wa Manda. Buibui jipya, mkoba, na katoni ya halwa ya kupelekea watu Mombasa. Nikavuta kamba, mashine ikaitika. Nikatazama nyuma kama inakojoa, maana mashine isiyokojoa maji haiendi popote. Ikatema matone mawili matatu. Nikajiambia impela mpya ina haya, itazoea.

Sasa nendeni nami polepole, maana hapa ndipo roho inaponiuma. Tuko katikati ya mkondo. Kwanza ilikuja harufu, kama rangi iliyosahauliwa jikoni. Mama mkwe akavuta pua. Halafu sauti ikaanza kulegea, mashine inavuma kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Nikaongeza mafuta (wajinga ndio tuliwao), nayo ikazidi kupoa mwendo. Nikageuka: tundu la mkojo kavu kabisa, na kofia ya mashine inafuka moshi mwembamba mweupe.

"Mwanangu," akasema mama mkwe, taratibu mno, "hiyo inapika nini?"

Ikazima. Kimya. Maji yanapiga ubavu wa boti, pa, pa, pa. Na katika kimya hicho simu yangu ikalia. Fundi mzee: "Nimeitazama tena picha. Mstari ule ni mpaka: upande uliopinda hukaa ndani ya tundu la shafti, ulionyooka huchomoza na kushika impela. Hiyo ni kii. Kama juzi ulifungua impela, USIWASHE MASHINE."

Nilitia mkono mfukoni. Ilikuwepo, ina joto la paja langu. Bila kijichuma kile shafti inazunguka peke yake ndani ya tundu la impela, na impela imekaa tu kama mgeni wa harusi. Mafundi huipaka grisi ishike kwenye shafti, ndipo wateremshe impela juu yake. Mimi niliitikisa ikadondoka bila kujua.

Jahazi la mawe kutoka Manda likatuonea huruma na kutufunga kamba. Tatizo, lilikuwa linakwenda Lamu. Basi tukarudishwa tulikotoka, mama mkwe amekumbatia halwa, na ndege yake ikatupita juu ya vichwa. Hakuinua macho. Aliniangalia mimi.

Yaliyobaki ni mafupi: kichwa cha injini kilifunguliwa, gasketi mpya, silinda zimesalimika, tiketi ya kesho yake nimelipa mimi.

Ila kule jahazini aliniomba akione hicho kitu. Nikampa. Akakigeuza, akakifunga kwenye pembe ya leso yake, na hajakirudisha hadi leo. Ilinibidi ninunue kingine. Jioni ile picha ikaingia kwenye kundi la ukoo mzima, kipo juu ya kipande cha halwa ili ukubwa uonekane vizuri, na chini yake ameandika: "Mkwe wangu anauliza, hii ni nini?"