Mita 30 za saa yako si ruhusa ya kupiga mbizi

Saa nyingi zimeandikwa nyuma 3 BAR au 30 M, na mwenye saa huamini anaweza kuzama nayo mita 30. Wapo pia wanaosema saa hiyo haifai hata kunawia mikono, eti mkono ukipiga maji presha hupanda maradufu. Naona wote wamekosea, na hao wa pili wanatuficha adui mwenyewe.

Tupige hesabu. Kila mita 10 za maji huongeza presha kwa takriban baa 1. Mkono ukikata maji kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde, presha inayoongezeka ni kama ya kushuka nusu mita tu. Ukiogelea mita 2 chini ya maji, saa yako inabanwa na kama robo ya baa.

Mbona basi huingia maji? Kwa sababu namba ile ni ya saa mpya, iliyopimwa ikiwa imetulia. Tena kiwango cha kimataifa cha saa za kawaida, ISO 22810, kinaruhusu kiwanda kupima sampuli tu, wakati saa za wapiga mbizi, za ISO 6425, hupimwa moja moja kwa presha iliyozidi ile iliyoandikwa kwa asilimia 25. Ukishainunua, kinachozuia maji ni vipira vyembamba chini ya mfuniko wa nyuma na kwenye kile kitufe cha kurekebishia majira. Vikikauka au kupasuka, namba haina maana tena. Mara nyingi mambo huharibika siku ya kubadilisha betri: fundi anafungua mfuniko, kipira kinajikunja au kinabanwa na unyuzi wa vumbi, anafunga, na saa inaendelea kutembea vizuri mpaka siku ya maji.

Kuoga maji ya moto ndiko ninakokupinga kabisa, hata kwa saa ya mita 100. Joto hutanua chuma, kioo na mpira kwa viwango tofauti, na sabuni huyasaidia maji kupenya kwenye upenyo mdogo, mbali na kuuzeesha mpira. Kunawa na kutawadha kwa maji ya kawaida, saa ya baa 3 isiyo na hitilafu inavumilia, ili mradi kitufe kimesukumwa ndani. Kuogelea ningeanzia baa 10, na ukitoka baharini uisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Unaweza kuipima nyumbani. Ivae mpaka ipate joto la mwili, weka tone la maji baridi katikati ya kioo, subiri dakika moja, kisha futa. Ukungu ukibaki upande wa ndani, unyevu umeshaingia. Mpelekee fundi siku hiyohiyo aifungue na kuikausha kabla kutu haijashika mashine, na umwambie aweke kipira kipya.