Mpangaji akikata kodi, dai cheti mapema

Mzee mmoja ana duka amekodisha kampuni pale Kirinyaga Road, kodi laki moja kwa mwezi, na mwaka 2022 alinipigia simu amewaka kweli kweli. Anasema anaibiwa, eti kila mwezi inaingia tisini elfu tu. Nikamwambia mzee wangu, hujaibiwa, huo ni ushuru wa zuio. Kampuni hiyo ilikuwa imeteuliwa na KRA kukata asilimia 10 ya kodi na kuipeleka, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa, maana si kila mpangaji ana ruhusa ya kukata, ni wale walioteuliwa tu, kwa hivyo akianza kukukata muulize kwanza barua ya uteuzi iko wapi.

Sasa duka liko kwa jina la kakampuni kao ka familia. Kodi ya mwaka milioni 1.2, ukitoa riba ya mkopo, rates za kaunti na ukarabati, laki nne hivi, inabaki laki nane. Ushuru wa kampuni ni asilimia 30, yaani 240,000. Mpangaji ameshapeleka 120,000, basi hizo zinapunguzwa na unamalizia 120,000 (nimeweka kando habari ya instolmenti, hiyo ni story ingine). Lakini angalia, mapato unaandika milioni 1.2 nzima, si ile 1,080,000 iliyoingia benki. Karani wa mzee alikuwa ameandika hiyo ndogo na bado anataka apunguziwe 120,000, yaani anakula mara mbili.

Shida yenyewe ilikuwa vyeti vya kuonyesha ule ushuru uliokatwa umelipwa KRA. Mpangaji akilipa ushuru huo, cheti hutokea kwa iTax ya mwenye PIN iliyoandikwa, na tulipofungua akaunti ya kampuni tukapata vyeti kumi. Miezi miwili hakuna. Kumbe mhasibu wa mpangaji aliandika PIN ya mzee mwenyewe badala ya ya kampuni, basi elfu ishirini zimekaa kwa akaunti ya mtu mwingine kabisa kisheria, hata kama ni mzee yule yule. Bila hivyo vyeti mzee angemalizia 140,000. Barua ya mpangaji kusema tulikata haitoshi, na kurekebisha ni mpaka yule aliyelipa afuatilie, sasa fikiria wewe ukimbembeleza mhasibu Aprili wakati salio lako linadaiwa.

Mimi naona wenye nyumba wanakasirikia kitu si chenyewe. Kukatwa si tatizo, tatizo ni mpangaji akate halafu alalie hizo pesa. Sheria ya Fedha ya 2023 ilibana muda, sasa apeleke ndani ya siku tano za kazi, kitambo alikuwa anangoja hadi tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa hivyo siku hizi wiki mbili zikipita na hakuna cheti, piga simu. Mzee sasa anaingia iTax kila mwezi kwa simu ya mjukuu, na risiti ya kodi hampi mpangaji ya laki nzima mpaka aone cheti.