Ushauri wa hintfull umepitwa na wakati

Mtu akilalamika kwamba maandishi madogo kwenye Linux yanamchosha macho, hakosi wa kumjibu haraka: weka mpangilio wa fonti uitwao hintfull, washa rangi za RGB, zima kompyuta uiwashe tena. Mimi mwenyewe nimeutoa ushauri huo miaka nenda rudi. Kisha mdogo wangu akaufuata neno kwa neno, akaniletea kompyuta yake ya mtumba: Debian yenye XFCE, skrini ya inchi 14, pikseli 1366 kwa 768. "Kaka, nimefanya yote uliyosema. Sioni tofauti."

Nikakaa nayo jioni nzima. Hakukosea, mwenye makosa ni mimi.

Tuanze na herufi moja, l ya DejaVu Sans kwa ukubwa wa 9. Kompyuta ikihesabu nukta 96 kwa inchi, pointi 9 ni pikseli 12 kamili. Mguu wa hiyo l una unene wa karibu asilimia 9 ya ukubwa wa fonti, yaani pikseli 1.08. Ukidondokea katikati ya pikseli mbili, tuseme unaanzia 1.4 na kuishia 2.48, pikseli ya kwanza itafunikwa asilimia 60 na ya pili asilimia 48. Hapo huna mstari mweusi, una mistari miwili ya kijivu imesimama bega kwa bega. Macho yanaiita ukungu.

Kwenda juu kuna tatizo jingine. Herufi fupi kama x na n, kwa ukubwa huohuo, zina kimo cha pikseli 6.56. Safu sita zinajaa, ya saba inajaa nusu tu. Kila neno linakuwa na kichwa kilichofifia, na kwa kuwa jicho husoma zaidi kwa kufuata vichwa vya herufi, mstari mzima unaonekana kama umepakwa kwa kidole.

Hinti ni ujanja wa kusogeza umbo la herufi kidogo ili kingo zake zikae sawasawa juu ya pikseli. Zamani hintfull ilifanya hivyo pande zote mbili: mguu wa l unasukumwa ndani ya pikseli moja, kimo cha x kinapandishwa kuwa 7. Maandishi yalitoka makali kama ya taipureta, na kwa waliozoea hivyo hakuna kingine kinachoitwa maandishi safi. Gharama yake ilikuwa nafasi kati ya herufi, kwa sababu kila kitu kinalazimishwa kwenye pikseli nzima: m inabanwa, r na n zinaachana, na neno linakuwa na mapengo kama meno ya mtoto wa miaka sita.

Mambo yalibadilika mwaka 2016. FreeType, maktaba inayochora herufi karibu kila mahali kwenye Linux, ilipofika toleo la 2.7 ilianza kutumia mkalimani mpya mwenye namba 40, yule anayesoma maelekezo ya hinti yaliyo ndani ya fonti za aina ya TrueType. Mkalimani huyu anatii maelekezo ya kwenda juu na chini, lakini ya kushoto na kulia anayapuuza kwa sehemu kubwa, maadamu kingo za herufi zinalainishwa. Kwa hiyo leo ukiweka hintfull, ule mguu wa l hausukumwi tena ndani ya pikseli moja. Mdogo wangu hakuona tofauti kwa sababu kile tulichokuwa tukimwahidi kimeondolewa chini ya jina lilelile.

Ukitaka kuona kwa macho yako, weka hintfull, funga madirisha yote ya Mousepad, kihariri maandishi cha XFCE, kisha ifungue kwa amri hii inayomrudisha mkalimani wa zamani:

```
FREETYPE_PROPERTIES="truetype:interpreter-version=35" mousepad
```

Andika mistari mitatu kwa DejaVu Sans 9. Mara nyeusi hiyo, kali, na mapengo yake. Wapo watakaoipenda, sigombani nao. Mimi nilisoma ukurasa mmoja nikaifunga.

Sasa kama hintfull na mpangilio ulio mpole zaidi, hintslight, zote zinapanga kwenda juu na chini tu, zinatofautiana wapi? Zinatofautiana kwa anayeamua. Kwenye fonti za TrueType, hintfull inafuata maelekezo aliyoyaandika mtengenezaji ndani ya fonti yenyewe. hintslight inayaweka kando hayo na kumpa kazi mpangaji wa FreeType, ambaye hutazama umbo la herufi na kukisia mwenyewe vichwa na nyayo zikae wapi. DejaVu na Liberation zina maelekezo yaliyoandikwa kwa uangalifu, hivyo hintfull haiziharibu. Lakini fonti nyingi tunazopakua siku hizi hazijapewa kazi hiyo kwa mkono, na hapo matokeo yanabadilika fonti hadi fonti: moja safi, nyingine herufi e imekaa chini ya jirani zake. hintslight inazitendea zote kwa mkono mmoja. Kile kimo cha 6.56 kinakuwa 7, kichwa cha neno kinanyooka, na umbo la fonti halipotei. Ndiyo maana naitetea, na ndiyo maana nimeacha kabisa kuigusa kila ninapoketi mbele ya kompyuta mpya. Mara nyingi ndiyo iliyopo tayari.

Linabaki la kushoto na kulia, na hapa ndipo rangi zinapoingia. Pikseli moja ya skrini ya kawaida ya LCD ni vipande vitatu vilivyosimama: chekundu, kijani, bluu. Ukiwasha mpangilio wa rgba, FreeType inavihesabu kama sehemu tatu zinazojitegemea. Ile l yetu iliyoanzia 1.4 hadi 2.48 sasa inapimwa kwa theluthi: inaanzia kipande cha 4.2 na kuishia 7.44. Vipande viwili vinajaa kabisa, cha pembeni asilimia 80, cha upande mwingine asilimia 44. Ukungu umepungua karibu mara tatu bila kusogeza herufi hata kidogo. Deni lake ni rangi kwenye kingo, na ndiyo kazi ya kichujio, lcdfilter, kuisambaza rangi hiyo kwa vipande vya jirani hadi jicho lisiitambue. lcddefault husambaza kwa vipande vitano. Lcdlight kwa vitatu, makali zaidi na rangi kidogo zaidi. Baadhi ya matoleo ya FreeType hujengwa kwa njia nyingine iitwayo Harmony, iliyokuja na 2.8.1, na huko kichujio hakina kazi, hivyo ukibadilisha usione kitu usijilaumu.

Kwa skrini ya mdogo wangu, yenye pikseli 112 hivi kwa kila inchi, hilo ndilo lililoleta nafuu. Niliandika hivi katika `~/.config/fontconfig/fonts.conf`:

```xml
<?xml version="1.0"?>
<!DOCTYPE fontconfig SYSTEM "fonts.dtd">
<fontconfig>
  <match target="font">
    <edit name="hintstyle" mode="assign"><const>hintslight</const></edit>
    <edit name="rgba" mode="assign"><const>rgb</const></edit>
    <edit name="lcdfilter" mode="assign"><const>lcddefault</const></edit>
  </match>
</fontconfig>
```

Nikauliza kama imesomwa:

```
fc-match -v "DejaVu Sans" | grep -E 'hintstyle|rgba|lcdfilter'
```

Jibu lilikuwa sahihi, na bado kihariri maandishi kilionyesha kijivu. Hapa wengi hukata tamaa na kuanza kubadilisha kila kitu. Sababu ni kwamba programu za GTK, maktaba inayochora madirisha yake, hazisikilizi faili hiyo ya fontconfig peke yake. Mazingira ya kazi nayo yana mipangilio yake, na XFCE ndiyo inayosikilizwa kwanza. Nikafungua mipangilio ya mwonekano, kwenye ukurasa wa fonti, nikakuta mpangilio wa rangi umezimwa. Nikaufananisha na faili, nikafunga programu na kuifungua upya. Imekubali. Basi yaseme mambo yaleyale pande zote mbili, la sivyo utakuwa na nyumba yenye wazee wawili wanaotoa amri tofauti. Programu za GTK4 ni habari nyingine: zenyewe huchora kwa kijivu hata ukiomba rangi, na hakuna faili ya kuzibembeleza.

Usiamini jicho peke yake katika kuhakikisha, maana jicho likitamani kuona mabadiliko litayaona. Piga picha ya skrini, ikate ibaki neno moja, kisha uikuze bila kuilainisha:

```
convert neno.png -scale 800% kubwa.png
```

Maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe, mpangilio wa RGB: upande wa kushoto wa l utaona wekundu, wa kulia ubluu. Ukiona kijivu kitupu, rangi hazijawaka popote ulipobofya. Ukiona ubluu kushoto, mpangilio ni BGR. Ila picha hiyo inakwambia kompyuta imechora nini, haikwambii kioo chenyewe kimepangwaje. Kwa hilo fungua ukurasa mweupe, sogeza kamera ya simu karibu kabisa na kioo, utaviona vipande vyenyewe na mpangilio wake. Ikikataa kunasa, tone dogo la maji kwenye ncha ya kidole, liguse kioo kidogo tu, linakuza vizuri kuliko kamera nyingi za bei nafuu. Futa mara moja.

Na hakikisha skrini inaendeshwa kwa pikseli zake zenyewe. Mtu akiweka 1280 kwa 720 kwenye kioo cha 1366 kwa 768, picha nzima inanyooshwa baada ya herufi kuchorwa, na vile vipande vya rangi vinachanganyika ovyo. Hapo hakuna hinti itakayosaidia, na RGB inazidisha uchafu.

Kwa skrini zenye pikseli 200 na zaidi kwa inchi, zima rangi, kijivu kinatosha. Skrini za OLED nazo zima, kwa kuwa nyingi vipande vyake havijapangwa kwa mistari mitatu iliyonyooka.

Mdogo wangu aliridhika wiki mbili. Kisha akapata skrini ya pili ya mezani, akaisimamisha wima ili aone kurasa ndefu, akanipigia: herufi za kule zina rangi ya waridi pembeni. Bila shaka. Kioo kikigeuzwa robo, vipande vilivyosimama vinalala, na RGB inakuwa inachora kwa ramani ya kioo kingine. Ipo thamani ya vrgb kwa ajili ya hali hiyo, lakini XFCE yake ina mpangilio mmoja kwa skrini zote, haibagui iliyolala na iliyosimama. Nikamwambia achague: aizungushe skrini irudi kulala, au azime rangi kote abaki na hintslight tupu. Amezima rangi. Fonti ameipandisha kutoka 9 hadi 10.5, pikseli 14 kamili, na anasema anaona vizuri.