Mtoto Aliyesoma Herufi Zote

Mtoto wa miaka sita wa jamaa yangu alipelekwa kupimwa macho kwa sababu kila jua lilipozama alijikwaa kwenye viti na kutembea akipapasa ukuta. Alikalishwa mbele ya chati katika chumba chenye mwanga mzuri, akasoma herufi zote hadi mstari wa chini, na wazazi wake wakaambiwa kwamba macho ni mazima, ila mtoto ni mwoga wa giza. Jibu hilo limenikasirisha, kwa sababu chati ile ilipima seli ambazo hazikuwa na tatizo.

Retina, utando ulio nyuma ndani ya jicho, ina seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Koni, zinazokadiriwa kufikia milioni 6, hutuonesha rangi na herufi ndogo mchana. Fito, zinazokaribia milioni 120, hutuonesha njia wakati mwanga ni hafifu. Ndani ya kila fito mmejaa rangi nyekundu iitwayo rodopsini, ambayo ni protini ya opsini iliyoshikilia retinali, yaani vitamini A iliyobadilishwa kidogo. Retinali hiyo hukaa ikiwa imepinda. Chembe moja ya mwanga ikiigonga, hunyooka papo hapo, nayo opsini hubadilika umbo na kuanzisha ishara iendayo kwenye ubongo.

Kila tendo la kuona, basi, huharibu kidogo kile tunachoonea. Retinali iliyonyooka haitoshei tena mahali pake, hivyo huachana na opsini, na fito yenyewe haina uwezo wa kuipinda upya. Huigeuza kuwa retinoli, yaani vitamini A yenyewe, na kuikabidhi kwa tabaka la seli zenye rangi nyeusi lililo nyuma ya retina, ambako kimeng'enya kiitwacho RPE65 huipinda tena, kisha hurejeshwa kwenye fito na kuungana na opsini inayoisubiri. Ndiyo maana mtu akitoka kwenye jua kali na kuingia gizani, fito zake huhitaji nusu saa au zaidi ili kupata tena nguvu zake zote. Mzunguko huo haurudishi kila kitu. Kinachopotea hufidiwa na retinoli inayoletwa na damu kutoka kwenye akiba ya ini.

Ini linaweza kuficha upungufu wa vitamini A kwa miezi mingi, lakini akiba ikiisha kiwango katika damu hushuka, na opsini nyingi hubaki bila retinali. Mwishoni mwa miaka ya 1950, John Dowling na George Wald waliufuata mpangilio huu katika panya walionyimwa vitamini A: ini lilikauka kwanza, damu ikafuata, kisha rodopsini ikapungua na panya wakahitaji mwanga mkali zaidi ili waone, huku opsini yenyewe ikianza kupungua baadaye.

Kwa nini kuona gizani kutangulie kuathirika? Mchana chembe za mwanga ni nyingi mno, kiasi kwamba hata rangi iliyopungua sana hunasa za kutosha, na koni zina njia ya ziada ya kupata retinali kupitia seli nyingine za retina. Usiku chembe ni chache, na kila molekuli ya rodopsini inayokosekana ni chembe inayopita bila kunaswa. Kuna jambo baya zaidi ambalo husahaulika: opsini tupu haikai kimya kabisa. Hutoa ishara dhaifu, fito ikajiendesha kana kwamba imo kwenye mwanga, na hivyo hupoteza wepesi wake zaidi kuliko upungufu wa rangi peke yake ungeweza kueleza.

Nakiri kwamba chati ina kazi yake, na kwamba si kila asiyeona usiku amekosa vitamini A. Yapo magonjwa ya kurithi ya retina ambayo dozi ya vitamini A haiyaponyi. Lakini swali la kuanzia halihitaji kifaa: je, jioni mtoto huona kama wenzake? Baada ya hapo mtaalamu atazame weupe wa jicho kutafuta ukavu na madoa yenye mwonekano wa povu, kwa sababu hatua zinazofuata hufika kwenye konea, kioo cha mbele cha jicho, na konea iliyoyeyuka hairudi.

Wazazi hawa walikwenda kwingine, wakaulizwa swali hilo. Mtoto alipewa yuniti 200,000 za vitamini A siku ya kwanza, kiasi hicho hicho siku ya pili, na dozi ya tatu ikapangwa baada ya wiki mbili. Opsini zake zilikuwa bado zipo, zikisubiri. Jioni ya siku ya tatu alivuka chumba chenye giza kwenda kumchukulia mama yake kandambili, na mkono wake haukugusa ukuta.