Ukuta mrefu humficha mwizi kuliko unavyomzuia

Pita Goba, Madale au Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, jioni ukaangalie kuta. Kozi kumi, kumi na moja za tofali, plasta imesuguliwa mpaka inateleza, juu kuna chupa zilizovunjwa au senyenge ya wembe, na geti la bati zito halina hata tundu la kuchungulia. Ukiwa barabarani huoni nyumba, unaona paa. Mimi huchora ramani za nyumba, na kila mteja mpya anakuja na picha hiyo kichwani kabla hata hatujaongelea vyumba. Maoni yangu ni kwamba pesa nyingi za ukuta wa namna hiyo humfaidi mwizi.

Kibaka wa kawaida, yule anayekuja usiku kutafuta televisheni, simu na mtungi wa gesi, haogopi kuruka. Ukuta wa mita mbili na nusu anaupanda kwa kubebwa na mwenzake, na zile chupa anazifunika kwa gunia. Anachoogopa ni kuonekana akiwa kazini, maana kukata nondo au kung'oa fremu kunachukua dakika kadhaa. Ukuta usiopenya jicho ndio unaompa dakika hizo. Akishatua ndani, jirani hamwoni, bodaboda hamwoni, sungusungu anayepita na tochi na filimbi hamwoni. Anajifanyia shughuli zake kama fundi uliyemwita mwenyewe.

Kwa hiyo swali ninaloanza nalo ni upande upi wa kiwanja uonekane na upi ufichwe. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 25, mita 20 zikitazama barabara. Pande tatu zinazopakana na majirani jenga ukuta mzima, sina ugomvi nao. Ninaogombania ni huo wa mbele. Ukitoa geti la gari la mita 3.6 na geti dogo la mita moja, zinabaki mita 15.4 za kujenga. Kwa kozi kumi za tofali za inchi sita zitaingia tofali kama 330. Mimi nachora kozi tatu tu, yaani sentimita 75 hivi, zinazokula tofali kama 100, kisha juu yake grili la chuma mpaka mita mbili na kidogo. Zile tofali 230 zilizobaki, pamoja na saruji yake na plasta ya pande mbili, zinalipia sehemu ya chuma. Sisemi utaokoa pesa. Mara nyingi grili linazidi kidogo, kutegemea bei ya chuma wiki hiyo.

Grili lenyewe linaweza kuharibu kila kitu likichorwa vibaya. Mafundi wa kuchomelea wanapenda maua, mioyo na duara, na kila ua ni ngazi. Sisitiza vyuma vya wima, na vya kulala viwili tu: kimoja chini kabisa, kingine juu, ili mguu usipate pa kukanyaga katikati. Nafasi kati ya chuma na chuma isizidi sentimita 10, mtoto asije akapitisha kichwa kikanasa. Ncha za juu za mabomba ya mraba zizibwe kwa kuchomelewa vifuniko, kwa sababu maji ya mvua yakiingia bomba linaoza kutoka ndani, na wewe unaendelea kupaka rangi nje ukidhani zima. Karibu na bahari chumvi inafanya kazi hiyo haraka zaidi.

Sasa ukae sebuleni. Sakafu iko sentimita 45 juu ya ardhi, na jicho la mtu aliyekaa kwenye kochi liko karibu mita 1.2 juu ya sakafu. Jumla jicho lako liko mita 1.65 kutoka ardhini. Ukuta wa mbele ukiwa mita saba kutoka hapo ulipo, na sehemu yake isiyopenya ni sentimita 75, unaona ardhi ya barabarani kuanzia kama mita sita nje ya ukuta, na mtu anayesimama kwenye grili unamwona kuanzia mapajani. Mpita njia naye anaona mlango wako, madirisha yako na mtu yeyote anayechokonoa hapo. Hesabu hiyohiyo kwa ukuta wa mita 2.5 inakupa anga na waya za umeme. Mimi huchora mistari hii kwenye ramani kwa penseli, kutoka kwenye kochi, kutoka kwenye sinki la jikoni na kutoka kitandani, kisha natazama ni pembe ipi ya uwanja haijaguswa na mstari wowote. Hapo ndipo panapohitaji taa, au dirisha dogo, au banda la kuku linalopaziba lihamishwe.

Mabanda yenyewe yanastahili kuangaliwa. Nyumba nyingi zenye ukuta mkali zina mnara wa tanki la maji uliojengwa ukiugusa ukuta wa jirani, au paa la kuegesha gari linaloishia chini kidogo ya baraza la ghorofani. Umeweka senyenge ya wembe kwa gharama kubwa, kisha umejenga na ngazi ya kuikwepa.

Pingamizi ninalolisikia kila mara ni la faragha, na lina uzito. Mama mmoja niliyemchorea aliutazama mchoro akauliza, "Sasa kaka, watu si watahesabu mpaka sufuria zangu?" Nikamwambia, "Mama, sufuria zako ziko uani, na uani hakuna anayeona." Wala hilo sikulibuni mimi. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Tanga ina kibaraza mbele, ukumbi katikati wenye vyumba huku na huku, na ua nyuma ambako ndiko kwenye kupika, kufua na kuoga. Nyumba za mawe za Lamu zina daka, kile kibaraza chenye viti vya mawe mlangoni ambapo mgeni anapokelewa, na baada ya mlango kuna tekani, mahali pa kuingilia panapokata kona, ili hata mlango ukiwa wazi mtu wa nje asione ndani. Mbele kunaonekana, nyuma kumefichwa, na kona ya mlangoni inamaliza ubishi. Sisi wa viwanja vya kupimwa tumefunga vyote kwa ukuta mmoja, halafu ndani ya ukuta tukaweka mlango mkubwa wa kioo unaotazama geti. Geti likifunguliwa tu, sebule yote iko barabarani.

Yule mama nilimchorea kibaraza cha mita mbili kwa tatu mbele ya mlango, kimeinuliwa ngazi tatu, na mlango umegeuziwa ubavuni lakini bado unaonekana kutoka getini. Mlango uliojificha nyuma ya nguzo kubwa za mapambo ni zawadi kwa anayetaka kuuvunja. Hodi inapigwa, mwenyeji anatazama kupitia dirisha la jikoni lililo pembeni, anamwona mgeni mzima kabla hajagusa komeo. Jioni watu wanakaa kibarazani. Uwanja unaokaliwa hausogelewi ovyo.

Kuhusu mlango nitasema moja. Watu wananunua kitasa cha bei mbaya kisha wanakifunga kwenye fremu kwa skrubu za sentimita mbili. Ukipigwa teke, kitasa kinabaki kizima na ubao wa fremu unapasuka. Skrubu za sentimita saba au nane zinazopita fremu mpaka ukutani zinafanya kazi kuliko kitasa cha pili. Ili kujua hali yako, fungua bati dogo la kwenye fremu, lile linalopokea ulimi wa kitasa, uone skrubu zimeingia wapi.

Mimea nayo inafuata kanuni ileile ya kuona. Chini ya madirisha na kando ya njia, vichaka visizidi usawa wa paja. Miti ya kivuli ikatwe matawi ya chini mpaka yaanzie juu ya kichwa. Kati ya paja na kichwa pabaki wazi. Mahali pekee ninapoacha mmea ukue unavyotaka ni nje ya ukuta wa nyuma, kama kuna uchochoro, na hapo napanda mchongoma. Waliosema kuupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, walijua wanachosema.

Taa zinakosewa sana. Taa kali iliyofungwa ukutani ikimulika barabarani humpofusha mpita njia, na nyuma yake giza linakuwa zito zaidi. Mimi natumia taa ndogo zinazomulika chini: moja getini kwa nje ili uso wa anayebisha uonekane, moja kibarazani, moja kwenye kila ubavu wa nyumba. Ukisimama barabarani usiku, unatakiwa uone ardhi ya uwanjani bila kukunja uso.

Kuna mahali ambapo haya yote hayatoshi. Kiwanja kikiwa peke yake porini, nyumba ya jirani iko mita mia mbili na njia haipitwi na mtu, grili la kuonea halina wa kuonea. Hapo mjengee mlinzi kibanda penye mwonekano wa geti na mbavu zote mbili, au subiri mtaa ujae ndipo ubomoe kozi za mbele. Na wakija watu wenye silaha waliokwisha panga, hakuna mchoro utakaowarudisha. Huo mchoro ni kwa ajili ya yule anayepita akitafuta nyumba iliyo rahisi.

Jambo ambalo sikubali kabisa kulipunguza, hata mteja akinuna, ni dirisha la kutokea. Nondo kwenye kila dirisha, mlango wa grili mbele wenye kufuli, mlango wa grili nyuma wenye kufuli: moto ukiwaka jikoni saa tisa usiku, umeme ukakatika na moshi ukajaa ukumbini, walio vyumbani hawana pa kutokea. Kila chumba cha kulala kiwe na grili moja lenye bawaba, linalofunguka kwa nje, uwazi wake usipungue sentimita 60 kwa 80, na komeo lake lifunguke kwa ndani bila ufunguo. Ili mkono wa mtu wa nje usilifikie, fundi achomelee kibati cha kuziba mbele yake. Likishafungwa, zima taa, mwite mtoto mkubwa wa kwenye chumba hicho, umwambie alifungue gizani. Akishindwa, fundi arudi kesho kabla hajamaliziwa hela yake.